Mkasi ulioingiza jeni ukashindwa kuitoa: kisa cha XbaI na alama ya mwenyeji

Jeni ilikuwa ndani ya plasmidi, ule mviringo mdogo wa DNA unaobebwa na bakteria, na sote tulijua imo. Mwanafunzi wangu alikuwa ameinakili kwa PCR, njia ya kunakili DNA nje ya kiumbe, akakata ncha zake mbili kwa EcoRI na XbaI, vimeng'enya vinavyokata DNA kama mkasi kila kimoja kwenye mfuatano wake, akaiunga kwenye plasmidi iliyokatwa kwa vimeng'enya hivyohivyo, akaiingiza yote kwenye bakteria wa DH5α, aina ya E. coli ya maabara. Mfuatano wa herufi ulisomwa, ukarudi safi kuanzia ncha hadi ncha. Majuma matatu baadaye tukahitaji kuihamishia jeni hiyo kwenye plasmidi nyingine. Kazi ya asubuhi moja, tulidhani: kata kwa EcoRI na XbaI, jeni itoke, iungwe kwingine.

Plasmidi nzima ilikuwa na jozi za besi 3,900 hivi, yaani 3,000 za plasmidi yenyewe na 900 za jeni. Ukikata pande zote mbili, jeli inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu lazima ionyeshe mistari miwili, wa 3,000 na wa 900. Tuliona mmoja tu, wa 3,900. Maana yake plasmidi ilikuwa imekatwa mara moja ikanyooka, na mkasi mmoja kati ya ile miwili haukufanya kazi.

Akakata upya kwa kila kimeng'enya peke yake. EcoRI ilitoa mstari mmoja wa 3,900, kama inavyotakiwa. Kwenye kisima cha XbaI, plasmidi ilibaki vilevile kama ile isiyowekewa kimeng'enya chochote: umbo lililojisokota limetangulia mbele, umbo lililolegea linafuata nyuma. Kutokatwa kabisa.

"Mwalimu, XbaI imekufa," akaniambia. Ni dhana ya kwanza ya kila mtu, na ni dhana halali, kwa sababu vimeng'enya hufa kweli vikiachwa nje ya friji. Ila inapimwa kwa saa moja tu. Alichukua pUC19, plasmidi yenye jozi 2,686 na sehemu moja tu ya XbaI, akaiwekea kimeng'enya kutoka chupa ileile, bafa ileile, nyuzi 37 ileile. pUC19 ilikatwa yote, hakuna hata kivuli cha plasmidi isiyokatwa. Kimeng'enya kilikuwa hai.

Dhana ya pili ni kwamba plasmidi ilikuwa na uchafu, labda chumvi au pombe iliyobaki wakati wa kuisafisha. Lakini EcoRI ilikuwa imekata plasmidi hiyohiyo bila taabu. Tena uchafu na kimeng'enya dhaifu huacha dalili yao: unapata kazi nusu, sehemu ya plasmidi imekatwa na sehemu haijakatwa, na ukiongeza kimeng'enya au muda hali inakuwa nzuri kidogo. Sisi tuliongeza kutoka uniti 10 hadi 20 kwa mikrogramu moja ya DNA, tukaacha usiku kucha. Asubuhi jeli ilikuwa ileile. Mahali ambapo kimeng'enya hai hakikati hata kidogo, kwenye mfuatano uliosomwa na kuthibitishwa, shida haimo kwenye mkasi wala kwenye herufi. Imo kwenye kitu kilichoandikwa juu ya herufi, ambacho usomaji wa kawaida wa mfuatano hauonyeshi.

Kumbuka pia kwamba XbaI ileile ilikwisha kuikata sehemu hiyohiyo. Kama isingekata ncha ya PCR siku ile ya kwanza, jeni isingeungika. Herufi hazikubadilika. Kilichobadilika ni mahali DNA ilikotoka: mara ya kwanza ilitoka kwenye kijichupa cha PCR, mara ya pili ilitoka ndani ya bakteria.

Hapa ndipo kisa chetu kinapokutana na kile kilichoanzisha taaluma nzima. Mwaka 1953 Giuseppe Bertani na Jean Weigle waliripoti jambo la ajabu kuhusu virusi wanaoshambulia bakteria, wale tunaowaita faji. Faji lamda aliyekulia kwenye bakteria E. coli wa aina ya C alipopelekwa kwa aina ya K alishindwa karibu kabisa. Mmoja tu kati ya elfu kumi hivi ndiye aliyefanikiwa kuzaa. Lakini watoto wa huyo mmoja walishambulia K bila kizuizi chochote. Ungesema ni mabadiliko ya kurithi. Basi wakawarudisha watoto hao wakakue kwenye C mara moja tu, na uwezo ule ukapotea. Walipoletwa tena K walizuiwa kama babu zao. Luria na Human walikuwa wameona jambo la jinsi hiyo kwa faji wengine mwaka 1952. Faji alikuwa anabeba kumbukumbu ya nyumba aliyotoka mwisho, na kumbukumbu hiyo haikuwa kwenye jeni zake.

Werner Arber na Daisy Dussoix, huko Geneva, walionyesha mwaka 1962 kwamba kumbukumbu hiyo imo kwenye DNA yenyewe. Walitia faji fosforasi ya mnururisho ili waweze kuifuatilia DNA yao, wakaona kwamba ile iliyotoka kwa mwenyeji mgeni huvunjwavunjwa mara inapoingia, na ile yenye alama ya nyumbani huachwa. Baadaye ikajulikana alama yenyewe ni nini: kikundi kidogo cha methili, kaboni moja na hidrojeni tatu, kinachobandikwa juu ya besi fulani ndani ya mfuatano fulani. Bakteria ana vimeng'enya viwili vinavyosoma mfuatano mmoja. Kimoja hubandika alama kwenye DNA yake, kingine hukata mfuatano huo kikiukuta hauna alama.

Swali linalowasumbua wanafunzi wengi ni hili: bakteria akijigawa, uzi mpya wa DNA hauna alama, basi mbona hajikati mwenyewe? Jibu liko kwenye nyuzi mbili. Baada ya kunakili, kila DNA ina uzi mmoja wa zamani wenye alama na mmoja mpya usio nayo. Kwa kawaida alama ya upande mmoja inatosha kuuzuia mkasi, na wakati huohuo kimeng'enya cha kubandika kinaijaza ile ya upande wa pili. DNA ya faji mgeni haina alama upande wowote. Inapoingia, mkasi na kibandiko hushindana juu yake. Karibu kila mara mkasi unashinda. Mara moja kati ya elfu kumi kibandiko kinawahi, na kuanzia hapo watoto wote wa faji huyo wana alama ya K. Ndiyo maana walionekana kana kwamba wamebadilika.

Kutoka hapo hadi kwenye chupa ya XbaI iliyo kwenye friji ni safari fupi, ila ilikuwa na kona moja mbaya. Mkasi wa kwanza kusafishwa, ule wa E. coli K, uliotolewa na Meselson na Yuan mwaka 1968, haukufaa kama chombo. Ni mashine kubwa yenye sehemu zinazosoma, kubandika na kukata kwa pamoja. Inatambua mfuatano wake mahali fulani, kisha inavuta DNA na kukata mbali na hapo, mahali pasipotabirika. Bakteria halalamiki, maana yeye anachotaka ni faji afe. Sisi tunaotaka vipande vya urefu uleule kila siku hatupati kitu.

Miaka miwili baadaye, huko Johns Hopkins mjini Baltimore, Hamilton Smith na Kent Wilcox waliripoti kimeng'enya cha Haemophilus influenzae ambacho ni mkasi mtupu, tofauti na kibandiko chake, na kinakata ndani ya mfuatano kinaousoma. Smith alitumia njia rahisi sana kukifuatilia: mnato wa DNA. DNA ndefu hufanya maji yawe mazito, ikikatwa yanalegea. DNA ya faji iliwekwa kwenye majimaji ya bakteria huyo ikalegea. DNA ya bakteria mwenyewe haikulegea. Mwenzao Daniel Nathans pamoja na Kathleen Danna walichukua kimeng'enya hicho mwaka 1971 wakakata DNA ya virusi SV40 vipande 11, vilevile kila walipojaribu. Arber, Smith na Nathans walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Kilichobaki kilikuwa ni ncha. EcoRI husoma GAATTC na kukata kwa kupishana, hivyo kila kipande kinabaki na mkia wa herufi nne, AATT, unaotafuta mwenzake. Mkia wa kipande chochote kilichokatwa kwa EcoRI unashikana na mwingine wowote, uwe umetoka kwa kiumbe gani, na kimeng'enya cha kuunga, ligesi, kinafunga mshono. Mwaka 1973 Stanley Cohen, Annie Chang, Herbert Boyer na Robert Helling waliunga DNA kwa njia hiyo kwenye plasmidi pSC101 na kuiingiza kwenye E. coli. Kila tunachofanya kwenye meza ile ni marudio ya jaribio hilo.

Sasa turudi kwenye jeli yetu. Kitu ambacho nadhani hakifundishwi vya kutosha ni hiki: tulichukua mkasi, lakini alama hatukuiacha nyuma. Bakteria tunaowatumia kama karakana bado wanabandika methili kwenye kila DNA inayopita kwao. DH5α ni wa ukoo wa K-12, ndiyo ile aina ya K, na ana alama yake. Mkasi wake umeharibiwa kwa makusudi, ndiyo maana ya maandishi hsdR17 kwenye orodha ya jeni zake, ila kibandiko kimebaki. Zaidi ya hapo ana kibandiko kingine kiitwacho Dam, ambacho kinaweka methili kwenye adenini ya kila GATC. Dam si sehemu ya ulinzi; kwa K-12 hana mkasi mwenza. Kazi yake ni kumsaidia bakteria atambue uzi wa zamani na uzi mpya anaporekebisha makosa ya kunakili. Lakini kwa mkasi wa kigeni, methili ni methili, haijalishi nani aliibandika na kwa nini.

XbaI husoma TCTAGA. Hakuna GATC humo. Nilimwambia mwanafunzi afungue mfuatano, aache kuangalia zile herufi sita peke yake, aangalie na majirani zake. Aliandika hivi, juu jeni yetu, chini pUC19:

```
jeni yetu:  ...TGA TCTAGA...
pUC19:      ...TCC TCTAGA GTC...
```

Alikaa kimya kidogo, kisha akaweka kidole juu ya skrini, chini ya herufi nne zinazovuka mpaka: GA za mwisho wa jeni na TC za mwanzo wa sehemu ya XbaI. GATC.

Jeni yetu inaishia kwa TGA, mojawapo ya kodoni tatu za kusimamisha, yaani herufi tatu zinazoonyesha mwisho wa jeni. Tulipobuni praima, kile kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR, tuliweka sehemu ya XbaI moja kwa moja baada ya kodoni hiyo, bila herufi yoyote katikati, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipitisha. TGA ikifuatwa na TCTAGA inazaa GATC kila mara, haiepukiki. Na GATC ina adenini kwenye nyuzi zote mbili. Ile ya uzi wa juu iko nje ya sehemu ya XbaI, lakini ya uzi wa chini inaangukia ndani yake, kwenye A ya mwisho ya TCTAGA ukiisoma kwa upande ule. Methili hiyo moja inatosha kuizuia XbaI. Kama jeni ingeishia kwa TAA au TAG tusingeona chochote, kwa sababu AATC na AGTC hazimhusu Dam. Na pUC19, ingawa ilikuzwa kwenye DH5α huyohuyo, ilikatika vizuri kwa kuwa majirani zake hawajengi GATC. Kipimo chetu cha kwanza kilikuwa kimesema kweli, ila kilijibu kuhusu kimeng'enya tu, hakikujibu kuhusu sehemu.

Maelezo mazuri si ushahidi, kwa hiyo tulipima. Kuna vimeng'enya viwili vinavyosoma GATC kwa masharti yanayopingana. MboI hukata GATC isiyo na methili. DpnI hukata ile yenye methili peke yake. DpnI ina historia inayonifurahisha kila ninapoisimulia: inatoka kwa bakteria wa nimonia, na baadhi ya koo za bakteria huyo hubandika alama GATC na kukata isiyo na alama, wakati koo nyingine hazibandiki kitu na hukata yenye alama. Faji aliyekulia kwenye ukoo mmoja anakufa akivuka kwenda kwa mwingine, kwa upande wowote atakaotoka. Kwa hiyo tulikuwa tunatumia silaha za pande mbili za vita hiyo kusoma alama iliyo juu ya plasmidi yetu. GATC hutokea kwa wastani mara moja kila herufi 256, hivyo plasmidi ya 3,900 ingetoa vipande vingi vidogo ikikatwa. Kisima cha DpnI kilionyesha hivyo hasa, ngazi ya vipande vifupi. Kisima cha MboI kilionyesha plasmidi nzima, haijaguswa. Alama ilikuwepo, na kwenye karibu kila nakala.

Dawa ilikuwa na njia mbili za maana. Ya kwanza ni kuinakili jeni upya kwa PCR, kwa sababu DNA ya PCR haina methili yoyote. Tuliikataa kwa kuwa jeni ilikwisha kusomwa na kuthibitishwa, na kila PCR mpya inaleta uwezekano wa kosa jipya na kulazimisha kusoma tena. Ya pili ni kuipitisha plasmidi kwenye bakteria asiye na Dam, ikue humo bila alama, kisha itolewe. Tulichagua hii.

Makoloni yalipoota, mwanafunzi alishtuka: sahani yenye plasmidi yetu ilikuwa na makoloni 9, wakati kwa DH5α amezoea mamia. Si kosa la mkono wake. Plasmidi yenye methili ikiingia kwenye bakteria asiye na Dam, inanakiliwa mara moja, kila nakala inabaki na uzi mmoja wenye alama na mmoja usio nayo, na hakuna wa kuujaza. Plasmidi ya hali hiyo hukwama kuendelea kunakiliwa, kwa hiyo ni chache zinazopenya. Koloni moja tu linatosha. Ila kuna tahadhari mbili hapa. Bakteria asiye na Dam hawezi kutambua vizuri uzi wa zamani anaporekebisha makosa, hivyo hukusanya mabadiliko kuliko kawaida. Itoe plasmidi upesi, usiiweke akiba humo. Pili, baadhi ya koo hizi bado zina kimeng'enya kinachotafuna DNA wakati wa kusafisha, na hatua ya ziada ya kuosha kwenye safu ya kusafishia si ya kuruka.

Plasmidi iliyotoka ilikatwa na MboI na kukataliwa na DpnI, kinyume kamili cha ile ya kwanza. Halafu EcoRI na XbaI pamoja, saa moja, nyuzi 37. Mistari miwili, 3,000 na 900. Mwanafunzi aliipiga picha jeli ile mara tatu.

Tulikata kipande cha 900, tukakiunga kwenye plasmidi mpya, tukairudisha kwenye DH5α. Na hapa nilimsimamisha, kwa sababu alikuwa tayari anachukua chupa za EcoRI na XbaI ili akague makoloni. Jeni ilikuwa imebeba TGA yake pamoja na sehemu ya XbaI hadi kwenye plasmidi mpya, na DH5α alikuwa ameshaibandika alama ya Dam tena usiku uleule. Ukaguzi ule ungeonyesha mstari mmoja kwenye kila koloni, nasi tungetupa makoloni mazuri tukidhani muungo umeshindikana. Sijui ni plasmidi ngapi sahihi duniani zimemwagwa kwa njia hii. Tulikagua kwa PCR ya koloni, praima moja ikiwa ndani ya jeni na nyingine kwenye plasmidi, kisha tukapeleka mbili zikasomwe mshono kwa mshono.

Praima mpya tuliiagiza siku hiyohiyo kwa ajili ya jeni nyingine mbili zilizokuwa zinangoja, na zote mbili, tulipozitazama, ziliishia kwa TGA. Kwenye kila praima tuliongeza herufi moja kati ya kodoni na sehemu ya kukata:

```
TGA G TCTAGA
```

Mwanafunzi alitafuta GATC kwenye mfuatano wote, kutoka herufi tano kabla ya kila sehemu ya kukata hadi tano baada yake. Haikuwepo.